Rada Inayosubiri Jibu

Kituoni walimwita Waya. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye hati ya mshahara, na hata mhasibu alikuwa akilisahau. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyochanikachanika kwa kukata nyaya, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kompyuta ya kituo cha hali ya hewa inaongea na mwenzake. Zilipoongea, hakuna aliyemkumbuka. Ziliponyamaza, alitafutwa mpaka msalani.

Kompyuta iliyomtesa kuliko zote ilikuwa mbali, kwenye kilele cha mlima, chini ya rada kubwa nyeupe iliyotazama mabonde yote ya mto. Kule hapakuwa na mtu. Palikuwa na jenereta, uzio, na dishi la setilaiti lililotazama angani. Kila baada ya dakika kumi rada ilimaliza mzunguko wake, ikatengeneza faili, na faili lile likarushwa juu kwenye setilaiti, likashuka kituoni, likatokea kama picha ya mvua kwenye kioo cha mtabiri wa zamu.

Mtabiri huyo walimwita Mawingu. Mzee mnene, asiyevua sweta hata jua likichoma, aliyebakiza muda mfupi tu astaafu. Yeye na Waya walipendana kama baba na binti, maana yake walibishana kutwa.

"Binti, picha zako zinatambaa," alimwambia siku moja, msimu wa mvua ulipoanza. "Siku ya jua zinafika kwa wakati. Siku ya mvua, siku ninayozihitaji, zinakuja kama mgonjwa anayeenda hospitali kwa miguu."

Hilo Waya alilijua. Siku ya jua rada haina cha kueleza, faili linakuwa dogo. Mvua ikijaa, faili linavimba mara nyingi zaidi, na moja halijamaliza kupita kabla ya lingine kuzaliwa. Yanapanga foleni kule mlimani. Kila saa tatu za mvua kubwa, picha zilichelewa saa nzima.

Mkurugenzi naye aliliona, akalitatua kwa namna aijuayo. Alinunua njia pana zaidi ya setilaiti, mara tano ya ile ya zamani. Siku ya kuiwasha aliita watu wote ukumbini, akapiga makofi, nao wakapiga. Mvua ya kwanza iliponyesha, picha zikachelewa vile vile, hakuna hata dakika iliyopungua.

"Ni mvua inaziba mawimbi," alisema Mkurugenzi.

Waya hakuridhika. Alikagua mawimbi: yalipungua kidogo mvua ikizidi, lakini hakuna kilichopotea njiani. Akaangalia ni kiasi gani cha njia kinatumika, akadhani kipimo kimeharibika. Hata sehemu ya kumi haikufika. Njia ilikuwa tupu, na mafaili yamepanga foleni mlangoni. Kwa siku kadhaa aliinasa mizigo midogo midogo ya data inayopita, moja baada ya nyingine, akitazama saa zake, mpaka macho yakawa mekundu. Ndipo alipomwona mchawi.

Alienda ofisini kwa Mkurugenzi, akaketi bila kukaribishwa.

"Bosi, tatizo si upana wa njia. Ni dirisha."

Mkurugenzi aligeuka kutazama dirisha la ofisi.

"Si hilo. Kompyuta mbili zikitumiana faili, inayopokea humwambia inayotuma: nina nafasi ya kiasi hiki, usinitumie zaidi ya hapo mpaka nikujibu kwamba nimepokea. Hiyo nafasi ndiyo tunaiita dirisha. Kwenye nyaya za humu ndani jibu linarudi kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo hata dirisha dogo halina neno. Lakini setilaiti iko mbali mno. Data inapanda, inashuka, halafu jibu nalo linapanda na kushuka. Zaidi ya nusu sekunde inapita. Na programu yetu ya kupokea picha imewekewa dirisha dogo lisilobadilika. Kompyuta ya mlimani inatuma kafungu kake, inamaliza mara moja, kisha inakaa. Inasubiri jibu. Jibu likija, inatuma kafungu kengine, inakaa tena. Muda mwingi haifanyi kitu."

"Lakini nimeongeza kasi mara tano."

"Mdogo wangu anafyatua matofali," alisema Waya. "Ana lori moja. Ukimpanulia barabara ikawa ya njia kumi, lori ni lile lile, na halipakii tena mpaka lirudi. Barabara yako ni nzuri, bosi. Ila linapita lori moja tu."

Mkurugenzi alicheka, akakuna kidevu. Alikuwa mtu mwelewa, na Waya aliona kabisa kwamba ameelewa. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

"Inatakiwa nini?"

"Kubadilisha namba moja kwenye programu ya kupokea. Dirisha likue walau mara ishirini na tano. Kisha kuiwasha upya. Kabla chai haijapoa, nitakuwa nimemaliza."

"Na mkataba? Programu ile tukiigusa bila wenyewe waliotuuzia, dhamana inakufa. Rada ikiharibika katikati ya msimu, nani atakuja? Waandikie. Wakijibu, fanya. Kabla ya hapo sitaki mtu aiguse programu ile, wala kompyuta ya mlimani. Tumeelewana?"

"Mvua zimeanza, bosi."

"Kwa hiyo waandikie leo."

Aliwaandikia. Walijibu kwamba ombi lake limepokelewa na litashughulikiwa kwa utaratibu. Akaandika tena, wakamjibu maneno yale yale, hata mkato haukubadilika. Waya akajikaza, akasema liwalo na liwe, akaendelea na kazi nyingine.

*

Mdogo wake walimwita Tofali, na mwili wake ulilistahili jina hilo. Aliishi na mkewe katika mji wa chini, mahali mto unapotoka mabondeni na kutanuka. Nyumba yao ilikuwa juu kwenye mteremko, lakini kazi yake ilikuwa bondeni, ukingoni kabisa, kwenye udongo mzuri wa mfinyanzi. Alikuwa na kibanda cha mabati, tanuri, na safu za matofali mabichi yaliyoanikwa chini ya nailoni.

Kila asubuhi alimpigia dada yake. Hakusalimia.

"Dada, nianike?"

Naye Waya angechungulia kioo cha Mawingu, aseme anika au usianike. Tofali aliwatambia wenzake kwamba yeye ana mtu wake wa ndani mbinguni. Na mke wake alipokuwa karibu, hakuacha ule utani wake wa siku zote: "Dada yangu anashughulika na mtandao mchana kutwa, akija kwangu anamkuta wifi nyumbani. Hapumziki!" Wifi mwenyewe alikuwa ameshachoka kuusikia, lakini alicheka, kwa sababu Tofali alicheka kwanza na cheko lake liliambukiza.

Siku ile alipiga kama kawaida.

"Dada, nianike?"

"Usianike. Milimani imeshaanza kunyesha, na inaonekana haina mchezo."

"Basi nafunika. Nikushukuru au nikulaumu?"

"Nishukuru, mjinga wewe."

Mvua ile ilianza saa mbili asubuhi. Mawingu alitoa tahadhari ya kawaida ya mvua kubwa, kama alivyofanya mara nyingi, na watu wakaipokea kama kawaida, yaani hawakuipokea. King'ora cha mji wa chini kilikuwa mikononi mwa ofisi ya maafa, na wiki chache nyuma walikuwa wamekipuliza kwa makisio ya Mawingu. Watu wakakimbia, wakafunga maduka, na maji hayakuja. Ofisi ile ililaumiwa na kila mtu, nayo ikamlaumu Mawingu. Tangu hapo walimwambia wazi: bila picha ya rada ya wakati ule ule, king'ora hakilii.

Asubuhi nzima Waya alikuwa chumba cha chini akibadilisha betri za kompyuta kuu. Alijua picha zinachelewa. Wote walijua. Ilikuwa imeshakuwa kama ulemavu wa mtu wa nyumbani, jambo lisilozungumzwa tena mezani. Juu kule Mawingu alikuwa akisoma saa iliyoandikwa kwenye pembe ya kila picha na kukisia kilichofuata, akiwapigia simu ofisi ya maafa, wakimuuliza picha ni ya saa ngapi, akiwaambia, wakikata.

Saa nane mchana simu ya Waya ikalia.

"Dada, huku mvua imekatika," alisema Tofali. "Jua linawaka. Maji ya mto yamepanda kidogo tu. Nina matofali makavu yako safu ya chini, nataka niyapandishe. Unasemaje?"

"Uko wapi?"

"Nipo hapa hapa."

Waya alikuwa na bisibisi mdomoni na betri nzito mapajani. Alisikia "hapa hapa", akamwona mdogo wake barazani kwake, juu ya mteremko, akila chakula cha mchana. Hakumuuliza hapa ni wapi.

"Basi subiri hapo hapo ulipo. Usiende popote. Ngoja nitazame, nakupigia sasa hivi."

"Nakusubiri, dada."

Alipanda ngazi akihema. Mawingu alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono kichwani. Picha ilionyesha mvua milimani, ya kijani, rangi ya mvua ndogo, na madoa machache ya njano. Pembeni iliandikwa saa sita kamili.

"Hii ni ya saa mbili zilizopita," alisema Waya.

"Unaniambia mimi?" Mawingu hakugeuka. "Tangu asubuhi natazama mvua iliyokwisha kunyesha. Hii hapa inaanza kukusanyika, unaona? Hapa kwenye shingo ya bonde. Sasa imekua au imekufa? Sijui! Mlinzi wa daraja la huko juu mtoni hapatikani kwenye simu. Ofisi ya maafa wananiambia niwape picha. Nitaitoa wapi, nichore?"

Waya alitazama madoa yale ya njano. Alikimbilia meza yake, akafungua kompyuta yake mwenyewe, akaanza kuingia kwenye kompyuta ya mlimani.

"Bosi alisema isiguswe," alisema Mawingu nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeomba asisikilizwe.

"Najua alichosema."

Kuandika amri kupitia setilaiti kunahitaji roho ngumu. Kila herufi aliyobonyeza ilichelewa kutokea, kwanza iende hadi mlimani irudi. Alikosea neno la siri kwa haraka, ikabidi arudie.

Ndani aliyakuta yamejipanga, mafaili kumi na mawili, kila moja na saa yake, yakingoja zamu kwa adabu. La mbele lilikuwa likidondoka tone kwa tone kuelekea programu ya kupokea na dirisha lake dogo. Waya hakuligusa. Alichukua lile la nyuma kabisa, la saa nane kamili, akaliagiza lije moja kwa moja kwenye kompyuta yake kwa njia yake pekee, pembeni ya foleni. Kompyuta yake haikuwa na dirisha lililofungwa. Lake lilikua lenyewe kadiri majibu yalivyorudi: kafungu kadogo kwanza, kisha kakubwa zaidi, kisha kakubwa zaidi tena, mpaka data ikawa inamiminika bila kusimama, huku majibu yakiwa bado njiani.

Faili zima, lile ambalo kwenye foleni lingetambaa robo saa, lilimaliza kushuka kabla Mawingu hajapata miwani yake.

"Tayari?" aliuliza. "Limekuja lote?"

Waya alilifungua.

Mlima wote ulikuwa mwekundu. Katikati ya wekundu palikuwa na zambarau, rangi ambayo Mawingu katika miaka yake yote aliiona mara mbili tu, na zambarau ile ilikuwa imekaa kwenye shingo ya bonde kana kwamba imefungwa kamba pale. Waya akavuta la kabla yake, na la kabla ya hilo, akarudi nyuma mpaka la saa saba kasoro dakika kumi. Zambarau ilikuwa pale pale. Zaidi ya saa nzima ilikuwa imesimama mahali pamoja ikimwaga maji yake yote kwenye mto mmoja, wakati wao wakitazama kijani.

Mawingu alitoa sauti ambayo Waya hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Kisha akanyakua simu ya mezani na kuanza kupiga kelele kwa ofisi ya maafa, akitaja saa ya picha, akiirudia, akiirudia, ya sasa hivi, mwanangu, ya sasa hivi!

Waya alishika simu yake. Tangu aongee na mdogo wake ilikuwa imepita kama robo saa, kwa ngazi, neno la siri na yote. Simu iliita. Ilipokelewa mara moja, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi.

"Dada!"

"Uko nyumbani?"

"Niko kibandani, nilikwambia nipo hapa. Nimekaa nakusubiri."

"Toka! Toka sasa hivi, panda juu, acha kila kitu, kimbia!"

"Unasemaje? Sikusikii vizuri, kuna kelele, sijui ni lori gani lina..."

Waya aliita jina lake, lile la utotoni, ambalo hakuna mtu kituoni aliyewahi kulisikia. Aliliita mpaka Mawingu akaja kumtoa simu sikioni. Wakati ule king'ora cha mji wa chini kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kulia, na maji yalikuwa yameshaingia sokoni.

*

Jioni ile ile, kabla hajapanda gari kwenda kumtafuta, Waya alikaa mbele ya programu ya kupokea, akaifungua, akaibadilisha ile namba. Hakumwomba mtu. Aliizima, akaiwasha. Mafaili yote yaliyokuwa yamekwama yakaanza kushuka kwa kishindo, moja nyuma ya jingine, na foleni ilipoisha, kwenye kioo cha Mawingu mvua ya siku ile ikajicheza yenyewe tangu asubuhi: kijani, njano, nyekundu, zambarau. Mawingu aliinuka, akaenda kusimama ukutani mpaka ikaisha.

Tofali alipatikana siku chache baadaye, mbali na mji, kwenye mashamba ambako mto ulikuwa umetandaza kila ulichokokota. Walimtambua kwa mkanda. Watu wengine wengi walizikwa wiki ile, na nyumba zilizokuwa na misiba zilikuwa zimekaribiana kiasi kwamba kilio cha hapa kilipokewa na cha kule. Waya alikaa chini pamoja na wanawake wengine, akala alipopewa, akanyamaza alipoambiwa anyamaze.

Mazishi yalipokwisha na watu wakaanza kutawanyika, wifi yake alimwita jikoni. Alikuwa amevimba uso, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Wifi, nataka nikuulize, na usinifiche."

"Uliza."

"Mimi nilikuwa juu, barazani. Nilianza kusikia mngurumo kabla ya king'ora. Nikamwita. Nilimwita kwa nguvu zangu zote, na alinisikia, maana aligeuka. Akaninyooshea simu juu, hivi." Aliinua mkono wake mtupu. "Kama anayeniambia ngoja. Kwa nini aliniambia ngoja?"

Waya angeweza kusema hajui. Mwanamke yule angemwamini, na labda ingekuwa huruma.

"Alikuwa anaisubiri simu yangu," alisema. "Nilimwambia asiondoke mahali alipo mpaka nimpigie. Nilidhani yuko nyumbani."

Nje mtu alikuwa akikusanya viti, akivipandanisha kimoja juu ya kingine.

"Na wewe ulikuwa unasubiri nini?"

"Picha. Ili nijue nimwambie nini."

"Zilikuwa hazijaja?"

"Zilikuwepo. Zilikuwa zimekwama njiani."

"Kwa mvua? Mkurugenzi wako alisema kwenye redio kwamba mvua iliziba setilaiti. Kwamba ilikuwa kazi ya Mungu."

"Si mvua." Waya alijitahidi kumweleza, kwa maneno machache aliyoweza kuyapata. Kwamba njia ilikuwa pana na ilikuwa tupu. Kwamba mashine moja ilikuwa ikituma kidogo halafu inakaa kusubiri kuambiwa nimepokea, kwa sababu nyingine iliambiwa isikubali zaidi ya kile kidogo. Kwamba ilikuwa ni namba moja.

"Namba."

"Namba, wifi yangu."

"Na wewe uliijua."

"Niliijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Niliomba ruhusa. Nikakatazwa, nikanyamaza."

Wifi alimtazama kwa muda mrefu, si kwa chuki, Waya angeweza kuibeba chuki. Alimtazama kama mtu anayetazama kitu kigeni kilichoachwa jikoni kwake na hajui kilifikaje.

"Nenda," alisema hatimaye. "Siku nyingine labda tutaongea. Sasa hivi nenda tu."

*

Kilifanyika kikao kikubwa. Mkurugenzi aliketi mwisho wa meza, amekonda, na alipozungumza hakumtazama Waya. Taarifa aliyoisoma ilisema kwamba mvua ilivuka kiwango kinachotarajiwa, na kwamba mawasiliano ya setilaiti yalizidiwa. Ikapendekeza inunuliwe njia pana zaidi.

Waya alinyoosha mkono.

"Njia haikuzidiwa," alisema. "Siku ile tulitumia sehemu ndogo sana ya njia tuliyonayo. Hata mngeipanua mara mia, picha zingechelewa vile vile. Kilichokuwa kidogo ni dirisha la kupokelea. Nimelibadilisha mwenyewe jioni ya siku ile, na tangu hapo hakuna picha iliyochelewa. Vipimo ninavyo hapa, vya kabla na vya baada."

Watu waliinamia karatasi zao. Mawingu, aliyekuwa amekaa ukutani kwa sababu hakualikwa mezani, alisema kwa sauti, "Anasema kweli." Hakuna aliyegeuka.

Mwenyekiti, mgeni kutoka makao makuu, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akampa pole ya msiba. Kisha akauliza kama mabadiliko hayo yalipata kibali cha waliouza programu.

"Hapana."

"Basi tutalizingatia," alisema mwenyekiti, akageukia ukurasa uliofuata.

Njia pana zaidi ilinunuliwa. Ilipowashwa picha zilikuwa zinafika kwa wakati, kama zilivyokuwa zikifika tangu ile jioni, na kikao kikaridhika kwamba pendekezo lake lilikuwa sahihi. Mawingu aliondoka kabla ya muda wake wa kustaafu kufika. Siku ya kuaga alimkumbatia Waya, akamfunga kifungo cha koti kama mtoto anayepelekwa shule.

Waya hakuondoka. Watu walimshangaa, wengine wakasema ana moyo wa jiwe. Yeye aliogopa kwamba akiondoka, wenye programu watakuja siku moja na toleo jipya litakalorudisha kila kitu kama kilivyokuwa kiwandani, na hapatakuwa na mtu wa kujua. Hofu ile haikuwa ya bure. Walikuja, wakaweka toleo jipya, wakaonyeshana kwamba linafanya kazi vizuri kwa siku ile ya jua, wakapanda gari wakaenda. Alipoifungua programu nyuma yao aliikuta ile namba ndogo imerudi. Akaibadilisha. Hakumwambia mtu, kwa maana alishajua atakachoambiwa.

Asubuhi hafungui simu yake mpaka ipite ile saa ya "Dada, nianike?" Kwa wifi yake amekwenda mara kadhaa, akabisha hodi, akakaribishwa kwa heshima zote, akapewa kiti na maji ya kunywa. Wanaongea habari za bei ya vitu na afya za ndugu. Kisha maneno yanaisha, na wanakaa wakitazama bonde, mahali ambapo hakuna tena kibanda wala tanuri, ila udongo mzuri wa mfinyanzi ulioletwa na maji, mwingi kuliko zamani, na vijana wawili wasiojulikana wameshaanza kuupima kwa hatua.